Chai Juu ya Kapeti la Mama Mkwe

Kikombe kilidondoka kwa sababu ya heshima. Najua inasikika kama kujitetea, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi sebuleni kwa akina mchumba wangu, Butiama, sahani ya chapati gotini, kikombe cha chai ya maziwa mkono wa kulia. Shangazi yake akaingia kutoka uani, nami nikaanza kujiuliza kama nisimame kumsalimia upya. Nilishamsalimia mlangoni. Lakini pale mlangoni alikuwa na mzigo, labda haikuhesabika. Na nikisimama wakati baba mdogo wangu, niliyekuja naye, amekaa, si itaonekana namfundisha baba mdogo adabu? Wakati najiuliza hivyo miguu yangu ilishaamua kusimama nusu. Chapati zikateleza, nikazidaka, kikombe kikaenda.

Hakikuvunjika. Kingevunjika nadhani ningepata nafuu, maana wote wangeangalia vipande. Kilitua taratibu, kikalala ubavu, na chai yote ikamwagika katikati ya kapeti.

Siku hiyo tulikuwa tumekwenda kujitambulisha, mimi na baba mdogo wangu aliyenilea. Ng'ombe wa mahari walikuwa hawajatajwa bado. Ilikuwa siku ya kuonwa tu: kijana anatoka wapi, anafanya nini, anakaaje mbele ya watu. Baba yake mchumba wangu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, na shangazi ndiye aliyekuwa akiuliza maswali kwa niaba yake. Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, ametulia, anatutazama.

Na alipouliza shangazi kazi yangu, baba mdogo alijibu kabla sijafungua mdomo. Alisema nina digrii ya mazingira, jambo ambalo ni kweli, kisha akasema nipo kwenye ofisi moja Musoma, mambo ya mazingira hayo hayo. Jambo hilo halikuwa kweli. Tangu nimalize chuo nilikuwa nafua makapeti na makochi na dada yangu, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba yake kule Buhare. Badala ya kumsahihisha nilitazama kapeti, nikafikiri: hili ni la sufu.

Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia, nilikiona kabla ya watu. Makapeti tunayoletewa karibu yote ni ya nailoni, yale ya manyoya marefu. Unayamwagia ndoo za maji, unapiga Omo, unasugua kwa brashi ngumu, unayatundika juani ukutani, jioni mwenyewe anachukua. La pale lilikuwa zito, nyuzi fupi zilizosimama, rangi ya maziwa yenye maua mekundu pembeni. Ukilikanyaga linarudi juu kama linapumua. Mchumba wangu alishaniambia mama yake aliwapikia masista wa misheni kwa miaka mingi, na sista mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia kapeti hilo. Watoto wote wa nyumba ile walikua wakivua viatu mlangoni kwa ajili yake. Sisi wageni tuliambiwa tusivue. Hilo pia lilinitesa, nilikanyaga kwa ncha za viatu.

Sasa chai ilikuwa imelala juu yake, ya maziwa, ya sukari nyingi, ina majani yaliyopikwa hadi yakawa mekundu. Shangazi alikuwa wa kwanza kuinuka. Akasema msijali, chai ni maji tu, na akarudi na beseni la maji ya moto yanayofuka, povu la Omo, na brashi ya kufulia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchagua, nami nilikuwa na muda mfupi kuliko ninaoupendaga kufikiria mambo. Maji ya moto yangeyapika maziwa ndani ya nyuzi. Omo ni kali kwa sufu, inaifanya rangi ya chai ishike na kugeuka kahawia. Brashi ingeufungua mdomo wa doa, ingelisambaza hadi kwenye maua, na nyuzi zingechanika zibaki kama nywele zilizolaliwa. Nilijua yote hayo. Na nilijua pia kwamba mgeni wa siku ile hapigi magoti kufuta sakafu ya wakwe, na kwamba afisa wa mazingira hajui mambo ya brashi.

"Shangazi, samahani sana," nikasema. "Naomba usisugue."

Alisimama na beseni lake. Baba mdogo akakohoa. Nikatoa leso yangu nyeupe, mpya, niliyoinunua kwa ajili ya siku ile, nikapiga magoti, nikailaza juu ya chai na kuikandamiza kwa kiganja. Ikalowa mara moja. Nikaomba vitambaa vyeupe vya pamba, vikavu, vingi. Shangazi akanivulia khanga aliyokuwa amejitanda, nikaikataa, nikaeleza kwamba rangi yake inaweza kuhamia kwenye kapeti. Kukataa khanga ya shangazi wa mchumba wako ni jambo ambalo hadi leo likinijia barabarani nafumba macho. Mchumba wangu akaleta shuka jeupe kuukuu, akalichana vipande.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unaweka kitambaa, unakandamiza kwa uzito wa mwili, unainua. Hausugui, hausokoti. Unakunja upande uliolowa, unaweka upande mkavu, unakandamiza tena. Unaanzia pembezoni mwa doa kwenda katikati, kwa sababu ukianzia katikati unaisukuma chai nje na doa linakua mkononi mwako. Kitambaa kilitoka na rangi nzito, kinachofuata kikatoka na nyepesi kidogo, kinachofuata nyepesi zaidi. Kilipoanza kutoka karibu kikavu nikaomba maji baridi kwenye bakuli na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Nilichovya kitambaa, nikakikamua hadi kikawa na unyevu tu, nikagusagusa palepale, kisha nikafuata kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo kingine chenye maji matupu, kuitoa sabuni na sukari, maana sukari ikibaki inanata na kukusanya vumbi. Nyuma yangu nilisikia watu wakinitazama.

"Ofisi hii ya mazingira," shangazi akasema taratibu, "huwaga inafundisha mpaka kapeti?"

Ningeweza kucheka. Baba mdogo alishaanza kucheka kwa niaba yangu. Lakini nilikuwa nimeinama, mikono imejaa chai ya mama yake mtu, na uongo ulikuwa mzito kuubeba katika mkao ule.

"Sina ofisi, shangazi. Nafua makapeti Musoma, na dada yangu."

Sikugeuka kuona nyuso zao. Niliona tu viatu vya baba mdogo, alivyokuwa amevipaka rangi asubuhi, vikirudi nyuma kidogo chini ya kochi. Kisha nikasikia kiti kilichokuwa karibu na mlango wa jikoni kikisogea, na hatua za mama zikienda jikoni. Hakusema neno.

Doa wakati huo lilikuwa kivuli tu. Mtu asiyejua pa kutazama asingeliona. Nilitakiwa kuweka shuka kavu juu yake, nikandamize, niinuke, nikae kwenye kochi. Lakini kuinuka maana yake ilikuwa kukutana na macho yao. Pale chini nilikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi haulizwi. Kwa hiyo nikaendelea. Kivuli kile kikaanza kuonekana kikubwa machoni pangu. Nikachovya tena, safari hii bila kukamua vizuri. Nikachovya tena. Mwishowe, na hapa mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikachukua jagi la maji lililokuwa mezani na kumimina moja kwa moja kwenye kapeti, kama tunavyomiminaga yale ya nailoni kwenye saruji. Kivuli kikapotea. Nikajisikia mtu. Nikafutafuta juu, nikasimama, tukaaga.

Njiani kurudi Musoma baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuna ukweli wa kusemwa umekaa, na kuna ukweli wa kusemwa umepiga magoti. Baada ya hapo alizungumzia bei ya mihogo na abiria wa pembeni yake hadi tunafika.

Siku zilizofuata nilikuwa Bunda na dada yangu. Tulikuwa tumeitwa kusafisha makochi ya nyumba moja ya wageni, na ndiko alikofundisha mchumba wangu, shule ya msingi, ndiko nilikomfahamu pia: alikuja kuuliza kama tunasafisha mapazia ya ofisi ya walimu. Dada yangu alikuwa ameshaisikia habari yote kutoka kwa baba mdogo na alikuwa anairudia kama redio. Kila nilipochota maji aliniuliza kama nimeomba ruhusa ya wakwe.

Mchana mmoja mchumba wangu akanitumia picha. Shangazi ndiye aliyeipiga na kumtumia yeye, naye sasa akanirushia mimi bila maneno. Katikati ya kapeti, mahali nilipopaacha peupe, kulikuwa na doa la kahawia lenye ukingo mweusi zaidi, pana kuliko chai yenyewe ilivyokuwa.

Nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba ya wageni. Dada akaichukua simu, akaitazama muda mrefu, na safari hii hakutania.

"Ulinyevusha au ulilowesha?"

"Nilinyevusha," nikasema. Halafu nikasema, "Kisha nikalowesha."

"Kwa nini?"

Nikaanza kukamua kitambaa cha kazi kilichokuwa begani, kikavu tayari. Akanikumbusha alichonieleza zamani, wakati alipokuwa ametoka kwenye dobi la hoteli Mwanza alikofanya kazi kabla ya kufungua lake. Kapeti la sufu lina mgongo, na mgongo wa aina ile ni wa katani, kama gunia. Ukimimina maji, yanashuka hadi kwenye gunia, na gunia lina rangi yake ya kahawia, na lina vumbi la miaka. Chai iliyokuwa juu nayo inashuka. Kisha kapeti linapokauka, linakaukia juu, kwenye ncha za nyuzi, na maji ya chini yanapanda kufuata ukavu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Yanakuja na kila yalichokutana nacho huko chini. Maji yanaruka hewani, rangi inabaki. Nilikuwa nayajua yote. Nilishawaelezea hata wateja, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Halijaungua," dada akasema. "Linarudi. Lakini uende wewe mwenyewe, na usiende na aibu yako. Hiyo ndiyo iliyomimina maji."

Nilikwenda nayo, sikuwa na pa kuiacha. Jumamosi tulitoka Bunda mimi na mchumba wangu, nikiwa na siki nyeupe kwenye chupa, mataulo meupe ya pamba, na feni ya dada ndani ya mfuko wa rambo. Njia nzima nilipanga nitakavyomwomba mama yake radhi. Niliandaa maneno ya kusema nikiwa nimesimama na mengine ya kusema nikiwa nimekaa. Mchumba wangu alilala begani kwangu, jambo ambalo nilifikiri ni kwa sababu hataki kuzungumza.

Tulipokaribia nyumba nilimwona mama yake uani, anaanua nguo. Naye aliniona. Akaziacha nguo kwenye kamba, akajifunika khanga kichwani, akapita nyuma ya jiko na kutokomea kwenye migomba. Hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyeamua.

Kwa watu wa kwao mama hukaa mbali na mkwe wake. Hawashikani mikono, hawakai sebule moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Hata kwetu Mugango wazee wanaifuata desturi hiyo, ingawa sisi tuliokulia mjini tumeilegeza. Lakini hiyo ni heshima ya mkwe aliyekwisha kupokelewa. Mimi nilikuwa bado mgeni, na ile siku ya kwanza tulikaa naye chumba kimoja kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo nilipomwona anaondoka nilijua tafsiri ni moja tu: hataki hata kumwona mtu aliyemdanganya na kumharibia kapeti lake. Maneno yangu yote niliyoyaandaa yakabaki bila mtu wa kuyasikia.

Shangazi alinifungulia mlango na kusema fundi amefika. Sikujua kama ni utani.

Niliinua pembe ya kapeti iliyokuwa chini ya kabati, nikatia siki niliyoichanganya na maji mengi zaidi yake kwenye kitambaa cheupe, nikagusa ua jekundu pale pasipoonekana, nikasubiri. Rangi haikutoka. Ndipo nikarudi kwenye doa. Kitambaa kikiwa na unyevu tu, nikakigusisha juu ya ukingo ule wa kahawia, kutoka nje kwenda ndani, na kufuata kwa taulo kavu. Kahawia ikaanza kuja kwenye taulo, kidogo kidogo, rangi ya majani makavu ya mgomba. Kila nilipotaka kuchovya tena nilijilazimisha kukamua kwanza. Shangazi alikaa kwenye mkono wa kochi akitazama. Mara moja akauliza kama nimelikasirikia kapeti au nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nauma meno.

Halafu nikaacha. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kivuli kilikuwa bado kipo na mkono wangu ulijua jagi liko wapi. Nikakunja taulo kavu mara nyingi likawa nene, nikaliweka juu ya doa, nikatandika mfuko wa nailoni juu yake, na juu ya mfuko nikaweka jiwe la kusagia la bibi yao lililokuwa nje ya jiko. Taulo likibanwa hivyo, maji yanayopanda hayaishii kwenye ncha za sufu, yanaendelea hadi kwenye taulo, na rangi inakwenda huko. Tukainua ukingo wa kapeti juu ya vigoda ili hewa ipite chini, nikafungua madirisha, nikawasha feni ya dada kando yake. Shangazi alitaka tulitoe juani. Nikasema hapana, jua linakausha juu haraka, chini linaacha.

Tukasubiri. Nilibadilisha taulo lilipopata unyevu, nikaweka jingine. Mchumba wangu alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Mimi nilikuwa nikisikiliza upande wa jikoni, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, kisha nikasikia mfuniko wa sufuria. Mama alikuwa amerudi kwa nyuma. Sauti yake ikaja kupitia dirisha la uani, lakini haikuja kwangu.

"Mwambie huyo mwenzio chakula kiko tayari."

Nilikuwa hatua chache kutoka dirishani. Angeweza kuniambia mwenyewe. Nikamtazama mchumba wangu, na nadhani uso wangu ulikuwa mbaya, kwa sababu aliacha kalamu.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba namwelewa mama, kwamba asimlazimishe kunisamehe, kwamba nikimaliza kapeti nitaondoka na baba mdogo anaweza kuja kuomba radhi peke yake. Nilikuwa na mengi zaidi. Aliniacha niseme kisha akaanza kucheka, na shangazi, aliyekuwa amesikia kila kitu, akacheka zaidi yake, akipiga paja.

"Mama hana hasira na wewe," mchumba wangu akasema. "Hata mume wa dada yangu, mama humkwepa kwa kupita nyuma ya jiko vilevile. Tangu mlivyoondoka siku ile amekuwaga akisema, huyo mkwe nimsitiri vipi, nimemwona amepiga magoti mbele yangu."

Shangazi akaongezea kwamba mama yao alitoka sebuleni siku ile si kwa sababu ya kufua makapeti. Yeye mwenyewe alifua mashuka ya masista nusu ya maisha yake. Alitoka kwa sababu mkwe hainami mbele ya mama mkwe akatazamwa. Alipoona nasema ukweli na sisimami, alishaniita mkwe moyoni, na baada ya hapo hakuwa na haki ya kukaa pale.

Nilipaswa kufurahi. Nilichosikia zaidi ni aibu mpya, iliyojipanga juu ya zile nyingine. Nilikuwa nimemimina jagi la maji kwenye kapeti la mtu kwa sababu ya ukimya ambao haukuwa wa hasira hata kidogo.

Tulipoondoa jiwe jioni, taulo lilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la doa, kama limepigwa picha. Kapeti chini yake lilikuwa na unyevu kidogo na rangi ya maziwa, isipokuwa mstari mwembamba upande mmoja ambao nauona mimi. Shangazi alisema hauoni. Nikapapasa, nikapiga nyuzi kwa kiganja ili zisimame, nikawaagiza wasikanyage hadi kesho na feni ibaki. Chai ililetwa. Yangu ilikuwa imejaa nusu, na sahani ilikuwa imewekwa kwenye kiti cha nje, barazani, peke yake.

Nilikaa huko nikanywa. Dirisha la uani lilikuwa nyuma yangu, na nikasikia mama akija karibu nalo. Sikugeuka. Nilifikiri kama nikohoe ili ajue nipo, au nisikohoe ili asidhani namfukuza, na nikiwa bado hapo akaanza kuzungumza na binti yake, kwa sauti ya kutosha kufika barazani.

"Mwambie mkwe amfikishie baba yake mdogo," alisema. "Siku watakayoleta ng'ombe, chai watanywea nje."